Kombolela ya Alhamisi

Wimbo wa sauti moja, gitaa moja na manyanga. Anayeimba ni mtu mzima, lakini anayesema ni Asha, mtoto wa darasa la kwanza, Mbagala. Tafadhali usiilegeze sauti kutafuta huruma. Asha anafurahi tangu mwanzo hadi mwisho, mchezo umemnogea. Mkopo, deni na kausha damu havitajwi humu, na asivitaje mtu jukwaani. Anayesikiliza ana mama, ana dada, ana jirani aliyewahi kujifungia ndani siku ya marejesho.

UBETI WA 1

Alhamisi ikifika, twajifungia chumbani,
Redio tunaizima, viatu twaweka ndani,
Mama ananong'oneza, "Keti nami uvunguni,"
Nabana kicheko changu, kisitoke mdomoni.

Pikipiki inakuja, naisikia njiani,
Inazimwa taratibu, chini ya mwembe uani,
Mjomba wa pikipiki, kijitabu mkononi,
Anabisha, anaita, "Mama Asha, uko ndani?"

KIITIKIO

Kombolela, kombolela, mama kajificha tena,
Kombolela, kombolela, mjomba hajatuona,
Anagonga, anaita, hadi anachoka sana,
Kombolela, kombolela, tumeshinda kwa kubana.

UBETI WA 2

Mama alipigwa picha, dole gumba akatia,
Wenzake wa kikundini, wote wakashangilia,
Kesho yake friji jipya, kwa guta likaingia,
Barafu tamu za mia, shule ikakimbilia.

Ubuyu kwenye ulimi, rangi ukanitilia,
Bwana afya akapita, barafu akazuia,
Kipindupindu mtaani, tumbo lingetuumia,
Friji likakaa bure, mama kaliangalia.

KIITIKIO

Kombolela, kombolela, mama kajificha tena,
Kombolela, kombolela, mjomba hajatuona,
Anagonga, anaita, hadi anachoka sana,
Kombolela, kombolela, tumeshinda kwa kubana.

MANENO YA KUSEMA (gitaa linaendelea chini chini)

Ngojeni niwaambie sheria. Anayehesabu anasimama kwenye kituo, wengine wanajificha. Akikuona anakutaja jina, umekwisha. Lakini akibaki mmoja hajaonwa, akatoka mbio, akagusa kituo na kupiga kelele "Kombolela!", basi wote waliokamatwa wako huru. Kituo cha mjomba ni pikipiki yake. Hilo nimeligundua mwenyewe, hakuna aliyenifundisha.

Mama anajificha uvunguni, siku nyingine chooni, siku nyingine kwa Mama Shabani nyuma ya madumu ya maji. Anaziba mdomo kwa khanga, anatetemeka kwa kicheko mpaka kitanda kinatetemeka.

Baba ndiye bingwa. Alikwenda Chunya kwenye dhahabu, tangu Ramadhani, na hata mama hajamwona. Mama akimpigia simu, baba hapokei, maana akipokea atajulikana alipo.

Kitu kimoja tu mama anakosea. Usiku anahesabu. Anamwaga hela za kikopo kitandani, anahesabu, anafika mahali anaacha, anaanza upya. Nimemwambia, mama, wewe ni wa kujificha, anayehesabu ni mjomba.

UBETI WA 3

Akienda gengeni sasa, hupita njia ya nyuma,
Laini amebadili, ya zamani kaizima,
Baibui kaazima, uso wote umezama,
Nikampita njiani, hata sikumtazama.

UBETI WA 4

Siku moja kina mama, wa kikundi walifika,
Mama Zuwena mwenyewe, uso umekasirika,
Friji wakalinyanyua, mlango ukafunguka,
Kochi nalo, na runinga, na meza ikaondoka.

Vitu vyetu ni vizuri, kila mtu avitaka,
Sasa sebule ni pana, naruka hadi nachoka,
Akanena, "Shoga yangu, hata mimi wanisaka,"
Kumbe naye anacheza, mchezo umepanuka!

KIITIKIO

Kombolela, kombolela, kila nyumba wanabana,
Kombolela, kombolela, mjomba hajawaona,
Anagonga, anaita, hadi anachoka sana,
Kombolela, kombolela, tutashinda kwa kubana.

UBETI WA 5 (manyanga peke yake)

Alhamisi ilopita, mama kaenda kuchota,
Mjomba nyuma ya mwembe, ndoo akaikamata,
Sheria naifahamu, mlangoni nikapita,
Pikipiki nikagusa, kwa sauti nikaita:

"Kombolela! Mama huru!" Majirani wakasita,
Mjomba kanitazama, kofia akaivuta,
Ndoo akaiachia, maneno hakuyapata,
Mama alifurahi mno, machozi akayafuta.

MANENO YA KUSEMA

Kila mtu alinyamaza kwa sababu hawakujua kwamba mimi ni hodari hivyo. Mama Shabani akanivuta pembeni akanipa andazi. Zawadi ya ushindi.

Mama na mjomba wakasemezana chini ya mwembe. Mama akavua zile hereni za dhahabu alizopewa na bibi siku ya harusi, akampa mjomba azishike. Ni kweli, ukiwa unakimbia zinaweza kudondoka. Mjomba akaandika kwenye kijitabu, akasema hizi hazitoshi, Jumamosi atarudi na mwenyekiti wa mtaa, na gari. Gari! Nikamwuliza kama atanipandisha mbele. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, akapiga kiki akaondoka.

Nikamwuliza mama, kimebaki nini cha kupakia kwenye gari? Mama akatazama cherehani. Halafu akanitazama mimi. Akasema, Asha, kalete sare zako za shule, na daftari zako zote.

UBETI WA 6

Leo usiku twahama, kwa bibi kule Somanga,
Mama amekunja nguo, ametia kwenye khanga,
Mkuranga, Ikwiriri, usingizi nitapinga,
Niuone mto Rufiji, daraja linavyotanda anga.

"Huko hawatatuona," kasema, mlango afunga,
Lakini huo si mchezo, mjomba tunamchenga,
Nikachukua na chaki, herufi nikaziunga,
Mlangoni nimeandika: "Mjomba, tuko Somanga."

KIITIKIO CHA MWISHO (vyombo vyote, kwa kasi)

Kombolela, kombolela, sisi tunakwenda bana,
Kombolela, kombolela, mjomba, tutaonana,
Utagonga, utaita, usichoke haraka sana,
Kwa bibi, bati jekundu, ukifika utaona.