Barua kwa Bi Raya baada ya mimba kuharibika

Chake Chake, Pemba
14 Oktoba 2024

Kwako mpendwa Bi Raya,

Assalamu alaykum. Pole sana, mwanangu. Jumamosi ulipokuwa ukitoka wodini ulinikubalia kila nililokwambia, lakini niliona kuwa masikio yako yalikuwa mbali, na siku kama ile ni nani ambaye maneno yangemwingia? Kwa hiyo nakuandikia, uyasome kwa utulivu, na mumeo pia umsomee.

Kwa kuwa mimba ilikuwa ya wiki kumi na kizazi chako kimeshasafishwa, damu itaendelea kidogo kidogo, ikipungua siku hadi siku na kugeuka rangi ya kahawia, na kwa wanawake wengi hukoma ndani ya wiki moja au mbili. Tumbo la chini litakuuma kama siku za hedhi, kwa sababu kizazi kinajikaza ili kirudi katika hali yake. Meza paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500, si chini ya saa sita baina ya dozi na dozi, na usizidishe vinane kwa siku. Tumia pedi au vitambaa safi vilivyoanikwa juani, na hadi damu ikome usiingize kitu chochote ukeni, iwe dawa ya majani au nyengineyo, wala usikutane na mumeo.

Najua mama mkwe wako atataka kukukanda, na anafanya hivyo kwa mapenzi. Akukande mgongo na miguu kwa maji ya moto yasiyounguza, lakini tumbo asilikandamize.

Njoo hospitali bila kungoja kuche iwapo damu itajaza pedi mbili kwa saa moja na hali hiyo ikaendelea kwa saa mbili, ukipata homa au baridi ya kutetemeka, uchafu ukitoka wenye harufu mbaya, maumivu yakizidi licha ya dawa, au ukisikia kizunguzungu na kutaka kuanguka. Wodi ya wazazi ina mkunga usiku na mchana. Usione haya kwamba utatusumbua; mimi naumia zaidi kwa mgonjwa aliyechelewa kwa kuona haya.

Matiti huenda yakabaki mazito kwa siku chache, na kipimo cha mimba kinaweza kuendelea kuonesha kuwa unayo kwa wiki kadhaa, kwani homoni huondoka mwilini polepole. Nakutajia hili mapema kwa sababu nimewaona wanawake wakipima nyumbani, wakapata tumaini, kisha wakalia upya. Hedhi kwa kawaida hurudi baada ya wiki nne hadi nane, lakini yai linaweza kutoka hata wiki mbili tu baada ya mimba kuharibika, hivyo kama hamko tayari, tuzungumze kuhusu uzazi wa mpango. Vidonge vya madini ya chuma nilivyokupa umeze kila siku, na chai uiache mbali na wakati wa kuvimeza, maana hupunguza nguvu yake.

Uliniuliza kwa sauti ndogo kama ni ile ndoo ya maji uliyoinua. Sio, Raya. Mimba nyingi zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo huwa na kasoro katika chembe za urithi tangu yai lilipotunga, na wala ndoo, wala kazi za nyumbani, wala ugomvi wa siku moja hausababishi jambo hilo. Hukumkosea mtu, na atakayekuambia vinginevyo mwambie mkunga wako amekataa. Inawatokea wanawake wengi, hata wale unaowaona leo wamezungukwa na watoto, ila hatulizungumzi.

Kuhusu sala, kwa kuwa hukumu ya damu hii hutegemea umri wa mimba na kilichotoka, muulize mwalimu wa kike wa madrasa yenu, na umwambie wiki kumi bila kuficha.

Machozi yakikujia ghafla, yaache. Lakini ikipita wiki mbili na bado hulali, huli, au ukiona maisha hayana maana, njoo tukukutanishe na mtoa ushauri nasaha hapa hospitali. Na ukipata fikra ya kujidhuru, mwambie mumeo akulete siku hiyo hiyo. Huko Wesha, yule mhudumu wa afya wa jamii wa shehia yenu anaweza kukupitia nyumbani ukimruhusu. Sitamwambia lolote bila idhini yako.

Nakungoja Jumatatu ijayo, tarehe 21, saa mbili asubuhi, na kadi yako. Mumeo akiweza, aje pamoja nawe, kwani na yeye amepoteza, na Jumamosi hakuna aliyempa pole.

Wako,
Bi Zuwena
Mkunga, wodi ya wazazi