Barua ya kumkabidhi mgonjwa: kutoka antibayotiki ya mshipani kwenda ya vidonge

Wodi ya wanawake, Ijumaa, 13 Juni 2025

Kwa Muuguzi Mfawidhi wa Zahanati

Dada, habari za kazi. Nakurudishia yule mama wa miaka 38 uliyemleta Jumanne tarehe 10 akiwa na homa ya 39.4, anatetemeka, anatapika, na ukimgusa kiuno cha kulia chini ya mbavu anaruka. Ulifanya vizuri kumwahisha. Ni maambukizi ya figo. Kipimo cha malaria hasi, cha mimba hasi, kreatinini ni ya kawaida, na altrasaundi haikuonyesha jiwe wala mkojo kuziba.

Tumempa seftriaksoni gramu 1 mshipani mara moja kwa siku, saa mbili asubuhi, kwa siku tatu: tarehe 10, 11 na 12. Tangu juzi jioni hana homa, anakula na hatapiki. Mkojo tuliouotesha umetoa E. coli, sugu kwa ampisilini na kotrimoksazoli, lakini siprofloksasini inamuua. Kwa hiyo leo nimetoa kanula, na saa mbili asubuhi amemeza kidonge cha kwanza mbele yangu.

Kuanzia sasa ni siprofloksasini miligramu 500, kidonge kimoja kutwa mara mbili, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Siku tatu za sindano zimo kwenye hesabu, hivyo zimebaki siku nne tu na jumla inakuwa saba. Kidonge cha mwisho ni Jumatatu tarehe 16, saa mbili usiku. Ameondoka na vidonge saba. Nakuomba umwone mara mbili, na kila mara afike na pakiti yake baada ya dozi ya asubuhi: Jumamosi vihesabu, viwe vitano, Jumatatu kiwe kimoja. Akisahau dozi, ameze akikumbuka, ila asimeze viwili kwa pamoja. Akitapika ndani ya nusu saa, mpe kingine.

Sasa lile linalonisumbua zaidi. Damu yake ni gramu 9.8, na kwenye mkoba wake nimekuta vidonge vya madini ya chuma mlivyompa mwezi uliopita. Alikuwa anavimeza pamoja na dawa zote kwa mkupuo mmoja, “ili nisisahau, daktari.” Chuma hushikana na siprofloksasini tumboni, dawa ikapita bila kuingia kwenye damu, na homa ikirudi sisi tutasema ni usugu. Niliwahi kunaswa hivyo na mgonjwa mwingine: nilibadilisha antibayotiki mara mbili kabla sijafikiria kuuliza anameza nini kingine. Huyu nimemsimamishia chuma kabisa. Aanze tena Jumanne tarehe 17. Kusema “tenganisha masaa” ningeweza, ila kwa siku nne ni rahisi zaidi kuacha. Vivyo hivyo dawa za kupunguza asidi tumboni na zinki. Dawa ameze kwa maji, si kwa maziwa.

Atakuomba sindano ya kumalizia. Ameshaniomba mimi mara tatu leo, anaamini kidonge ni cha wagonjwa wepesi. Mwambie kwamba zaidi ya nusu ya kidonge hiki huingia kwenye damu, na nyingi yake hutokea kwenye mkojo, palepale penye ugonjwa. Usimchome kitu. Maumivu yakibaki kidogo, parasetamoli inatosha, asipewe diklofenaki.

Pia usimwongezee siku. Akiwa mzima Jumatatu, basi imekwisha, hata kijiti cha mkojo kikionyesha chembe nyeupe. Ni heri usimpime kabisa kama hana dalili, maana majibu hayo yatakutia kishawishi bure.

Kinachomrudisha kwangu ni homa ya 38 au zaidi, kutetemeka, kutapika dozi mbili mfululizo, maumivu ya kiuno kuzidi, au presha ya juu chini ya 100. Hapo usimpe kidonge kingine cha majaribio: mchome seftriaksoni gramu 1 kama unayo, kisha mlete siku hiyohiyo. Akilalamika maumivu nyuma ya kifundo cha mguu, juu ya kisigino, au moyo kwenda mbio, aache siprofloksasini na unipigie kabla ya kumpa dawa nyingine. Namba ya wodi imegongwa muhuri nyuma ya kadi yake, na usiku kuna daktari wa zamu mwenye nakala ya barua hii.

Mumewe nimemweleza haya yote, na ndiye mwenye saa. Jumamosi ukishamwona, nitumie ujumbe mfupi tu: joto lake na idadi ya vidonge.

Wako kazini,
Daktari wa wodi ya wanawake