Utaratibu wa Kuketisha na Kutambulisha Wageni wa Heshima: Maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani, Uwanja wa Bugembe, Jiji la Jinja, Jumanne, tarehe 7 Julai 2026

Kwa mshereheshaji, wapokezi wa jukwaa kuu na wote waliopangiwa kazi ya itifaki.

Mgeni rasmi ni Mheshimiwa Makamu wa Rais, anayekuja kwa niaba ya Mtukufu Rais wa Jamhuri ya Uganda. Mtukufu Isebantu Kyabazinga wa Busoga amekubali kuhudhuria. Tutakuwa pia na mawaziri, mabalozi wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wabunge, viongozi wa dini, maofisa wa jeshi na polisi, na viongozi wa jiji. Kiti kimoja kikikosewa, aliyedharauliwa hatasahau, na heshima ya shughuli nzima itapungua mbele ya watu, kwa hiyo kila mmoja wenu ausome utaratibu huu hadi mwisho kabla ya mazoezi ya Jumatatu.

Msingi wetu ni Katiba ya mwaka 1995. Kifungu cha 98 kinamtanguliza Rais juu ya watu wote nchini, na baada yake, kwa kushuka, kinawataja Makamu wa Rais, Spika na Jaji Mkuu. Mfuatano huo haubadilishwi kwa umri, mali wala urafiki. Mfadhili aliyelipia mahema tunamshukuru kwa dhati, na atatajwa mahali pake, lakini hapiti mbele ya waziri. Nasisitiza hili kwa sababu katika shughuli moja niliyohudhuria nilimwona balozi akiwekwa safu ya tatu huku mfanyabiashara akiketi kando ya mgeni rasmi, na balozi yule aliondoka kabla ya hotuba.

Kiti cha katikati ya safu ya mbele ni cha mgeni rasmi. Anayemfuata kwa heshima huketi kuliani kwake na wa tatu kushotoni, kisha tunaendelea hivyo kwa zamu hadi safu iishe. Kulia kunakosemwa hapa ni kulia kwa aliyeketi jukwaani akiwatazama wananchi. Anayepanga viti akiwa amesimama uwanjani hugeuza kila kitu bila kujua, kwa hiyo kadi za majina ziwekwe na mtu aliyeketi kwanza katika kiti cha kati.

Kuliani kwa Makamu wa Rais ataketi Mtukufu Kyabazinga, katika kiti chake maalumu kitakacholetwa na watumishi wake, na zulia lake litandikwe mapema. Kifungu cha 246 cha Katiba kinawatambua viongozi wa kimila, na pia kinawazuia kushiriki siasa za vyama na kushika madaraka ya kiserikali. Kwa hiyo hatumhesabu miongoni mwa maofisa wa dola wala hatumpangi baada yao. Yuko nyumbani kwake Busoga, na kamati imeona kiti cha kulia ndicho kinachomstahili. Katukiro na watemi wa Busoga waliohudhuria wataketi nyuma yake, katika safu ya pili.

Kushotoni kwa mgeni rasmi ataketi Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ambaye wizara yake inaandaa sherehe. Baada ya hapo watafuata Waziri wa Masuala ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mabalozi, mawaziri wa nchi, kisha wabunge wetu pamoja na wajumbe wa Bunge la Afrika Mashariki. Mwenzi wa ndoa aliyealikwa huketi kando ya mwenziwe, naye hatenganishwi naye ili kujaza pengo.

Mabalozi wanahitaji uangalifu zaidi. Kenya, Tanzania na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Madola, na wakuu wa ofisi zao hapa wana jina tofauti la cheo kwa Kiingereza, lakini daraja lao ni sawa na la mabalozi wengine. Kiswahili kimetupunguzia kazi, kwa kuwa wote tunawaita Balozi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unawapanga kwa tarehe na saa ya kuanza rasmi kazi katika nchi walikotumwa. Ukubwa wa nchi hauhusiki, wala herufi ya kwanza ya jina lake. Orodha iliyotoka Wizara ya Mambo ya Nje ndiyo itakayofuatwa, na mpokezi asiisahihishe kwa kukisia.

Kuhusu wawakilishi: anayetumwa na Rais hupewa nafasi ya Rais, lakini mwakilishi wa kiongozi mwingine yeyote huketi kwa cheo chake mwenyewe. Jaji Mkuu akimtuma jaji wa Mahakama Kuu ya Jinja, jaji huyo ataketi kama jaji, na jina la aliyemtuma litatajwa wakati wa kutambulishwa.

Kamishna Mkaazi wa Jiji na Meya wamekuwa mzozo katika shughuli nyingi. Kamishna anamwakilisha Rais na Serikali, ilhali Meya amechaguliwa na wananchi na ndiye mkuu wa kisiasa wa jiji. Kwa kuwa sherehe hii ni ya kitaifa, kamati imeamua Kamishna atangulie kuketi, na Meya, akiwa mwenyeji, awe wa kwanza kuhutubia. Wote wawili wamearifiwa na wameridhia. Mpokezi asilifungue tena jambo hili siku hiyo.

Viongozi wa dini wataketi pamoja upande wa kulia wa jukwaa. Uganda haina dini ya taifa, hivyo hakuna dini itakayowekwa juu ya nyingine, na sala zitafuata orodha waliyokubaliana wao wenyewe. Maofisa wa UPDF, pamoja na ujumbe wa Chuo cha Ukamanda cha Kimaka, na wale wa polisi watapangwa kwa vyeo. Wenye cheo sawa watatanguliana kwa tarehe ya kupandishwa.

Kuwasili huanza na wa chini. Wageni wote wawe wameketi saa tatu na nusu asubuhi. Kyabazinga ataingia saa nne kasorobo, na mgeni rasmi saa nne kamili, watu wote wakiwa wamesimama. Utapigwa Wimbo wa Taifa, kisha wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao kwa bahati njema umetungwa kwa Kiswahili, na mwisho wimbo wa Busoga. Hakuna anayeketi kati ya nyimbo hizo.

Utambulisho huanza na wa juu. Mshereheshaji atasoma hivi, bila kuongeza sifa:

“Mheshimiwa Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Uganda, mgeni wetu rasmi, unayemwakilisha Mtukufu Rais, Mtukufu Isebantu Kyabazinga wa Busoga, Waheshimiwa Mawaziri, Waheshimiwa Mabalozi, Waheshimiwa Wabunge, Waheshimiwa Majaji, Baba Askofu, Sheikh na viongozi wote wa dini, Kamishna Mkaazi wa Jiji, Mheshimiwa Meya, mwenyeji wetu, maofisa wa majeshi na polisi, walimu na wanafunzi wa Kiswahili, mabibi na mabwana: karibuni Jinja.”

Baada ya hapo kila kundi litatambulishwa na mkubwa wake, akiwataja wenzake kwa majina wakisimama mmoja mmoja. Msemaji asikwepe kazi hii kwa kusema “itifaki imezingatiwa” kabla mgeni rasmi na Kyabazinga hawajatajwa kwa vyeo vyao kamili. Hotuba zitapanda: Meya, Kamishna, msemaji wa mabalozi, Waziri wa Masuala ya Jumuiya, salamu za Kyabazinga, kisha Waziri mwandalizi, ambaye ndiye atakayemkaribisha mgeni rasmi. Baada ya mgeni rasmi hahutubu mtu mwingine.

Mgeni akifika bila kutarajiwa, mpokezi amsalimu kwa cheo chake, ampe kiti katika hema la mapumziko na amwite katibu wa itifaki. Viti viwili vya akiba vimeachwa mwishoni mwa kila safu kwa ajili hiyo, na asiinuliwe mtu aliyekwisha kuketi.

Wakati wa kuondoka, mgeni rasmi hutangulia, Kyabazinga humfuata, na wengine hubaki wamesimama mahali pao hadi magari ya wawili hao yatoke lango kuu.

Katibu wa Itifaki, Kamati ya Maandalizi, Jinja