Isomeni Tena Vuta n'kuvute, Safari Hii Bila Mtihani

Wengi wetu tuliopita kidato cha tano na sita tuna deni na kitabu hiki. Tulikisoma penseli mkononi, tukiwinda dhamira, migogoro na tamathali za semi. Wengine, nami nikiwamo, tulikariri kijitabu cha uchambuzi tukaingia nacho kichwani chumba cha mtihani. Alama nilipata, hadithi yenyewe ilinipita. Juzi umeme ulipokatika jioni tatu mfululizo, nikaiopoa Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi kwenye rundo la vitabu vya binti yangu, nikaanza kuisoma kwa mwanga wa simu. Simu ilizima chaji nikawasha mshumaa.

Tupo Unguja, miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala na Sultani yupo kwenye jumba lake. Yasmin, binti wa Kihindi ambaye hajamaliza hata utoto, ameozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka Mtendeni, mtu wa umri wa kumzaa. Ndoa inamshinda. Anaondoka, na milango aliyodhani ni ya kwao inafungwa mmoja baada ya mwingine, maana kwa jamaa zake aibu ina uzito kuliko mtoto. Anayemfungulia ni Mwajuma, Mswahili wa Ng'ambo, mwanamke ambaye hao jamaa wasingemkaribisha hata barazani.

Hapa ndipo niliponaswa. Mwalimu wetu alituambia mhusika mkuu ni Yasmin, na shujaa ni Denge, kijana aliyesoma Urusi akarudi kupambana na wakoloni. Sawa. Lakini anayeibeba riwaya hii mgongoni ni Mwajuma. Hana mali, ana chumba. Anapenda nyimbo, anapenda kucheka, kinywaji hakimpiti, na majirani wana la kusema juu yake kila siku. Ila shida ikibisha hodi, yeye haulizi kabila wala dini ya mtu, anauliza kama amekula. Nilipokuwa na miaka kumi na minane nilimwandika kwenye daftari kama "mhusika msaidizi, anawakilisha wanawake wa tabaka la chini." Mungu anisamehe.

Na lile jina Ng'ambo lina maana yake. Mji wa Unguja uligawanywa na mkono wa bahari: upande huu Mji Mkongwe na nyumba za mawe, upande wa pili wamatumbi, watumwa waliokombolewa, wachuuzi, wapagazi. Mkono ule ulikuja kufukiwa, jina likabaki. Kwa hiyo Yasmin anapohamia kwa Mwajuma, safari ni fupi ya miguu, ila kwa watu wa wakati ule ni kama amepanda meli. Shafi haelezi haya kwa hotuba. Anakuonyesha msichana anayejifunza kukaa kwenye mkeka na kupika kwa jirani, nawe unaelewa.

Hotuba zipo, lakini, na nisiwafiche. Denge na wenzake wakianza kuzungumza siasa hukaa sana, kuna kurasa nilizozipitia mbiombio. Inspekta Wright naye ni mbaya kwa namna ileile tangu anapoingia mpaka anapotoka. Ila mchezo wa kuwindana kati ya polisi na hawa vijana wanaosambaza magazeti yaliyopigwa marufuku unasisimua kweli. Mapenzi ya Yasmin na Denge yamo katikati ya mchezo huo, na ndiyo maana nilimaliza mshumaa wa pili. Jina la kitabu linatosha kuwaambia kuna kamba na kuna mikono zaidi ya miwili inayoivuta. Nani anaishia na nani, mimi sisemi. Mama mmoja wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa alianza kunidokezea nikiwa katikati ya kitabu, nikaziba masikio nikaimba.

Lugha ni tamu, Kiunguja cha watu wanaotaniana huku wanaumia. Msomaji wa bara atakwama neno moja mawili, asiende mbio kwenye kamusi, sentensi inayofuata humtoa. Waliotazama filamu ya Amil Shivji ya 2021 wasidhani wameshamaliza kazi; Mwajuma wa kitabuni ana nafasi ya kupumua.

Kitabu kilichapwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999 na bado kinapatikana madukani, kwa kuwa wanafunzi wanakihitaji. Nakala yangu nimeiacha kwa fundi cherehani wa pale kona ya kisima. Anaazimisha kwa wiki mbili, unaandika jina kwenye daftari lake la vipimo. Ukikuta mtu kaandika penseli pembeni ya ukurasa, "tashibiha", ni binti yangu huyo. Msifute, mtihani wake ni Mei.