Debe la Kumi

Skripti ya video. Inarekodiwa usiku, shamba la mikorosho, wilaya ya Tandahimba, mkoa wa Mtwara, mwishoni mwa Oktoba.

Msimulizi mmoja, moto mmoja, kamera moja kwenye stendi, na haisogei. Wasikilizaji watano au sita wakae upande wa pili wa moto, waonekane magoti na mikono tu. Hakuna muziki. Nimelifikiria sana hili na sibadili: muziki humwambia mtu aogope saa ngapi, na mimi nataka aogope saa yake mwenyewe. Msimulizi asipandishe sauti popote. Hofu ikizidi, sauti ishuke.

Mhariri, tafadhali: usiongeze mlio wowote wa korosho. Kama maikrofoni itakuwa imeshika kitu, kiache kilivyo.

PICHA: Giza. Kiberiti kinawashwa. Moto mdogo wa kuni za mkorosho. Uso wa msimulizi unaonekana nusu.

(Kimya, sekunde sita. Anachukua korosho mbichi, anaitupa motoni. Ganda linatoa mafuta, mwali unaruka, unatulia.)

MSIMULIZI:
Sogeeni. Huku sipendi kupaza sauti.

Siwaambii paukwa. Paukwa ni ya hadithi, na mtoto akisinzia katikati haina neno. Hii nataka mbaki macho.

Shamba hili lilikuwa la babu yangu mzaa baba. Mikorosho aliipanda kwa mistari, hatua kumi na tano kutoka shina hadi shina. Pale kwenye giza, shina la tatu kutoka hapa, kuna mkorosho mkubwa kuliko yote. Tunauita Mkuu. Kwa hiyo kutoka hapa mnapokaa hadi pale ni hatua arobaini na tano. Shikeni namba hiyo.

(Kimya, sekunde tatu.)

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 13. Msimu ukifika, mimi na babu tulikuwa tunalala hapahapa, kwenye kitanda cha kamba, kulinda korosho. Mchana tunaokota. Nyie mmezaliwa huku, kazi hiyo mnaijua: unashika bibo kwa mkono huu, unazungusha korosho kwa mkono huu, inachomoka. Inatoa mlio mdogo, kama kidole kinapoalika. Halafu unaitupa kwenye debe.

Korosho ya kwanza ikiangukia debe tupu, bati linalia. Ko. Zikishafunika chini, korosho inaangukia korosho mwenzake, na mlio unazama. Pu. Aliyeokota tangu utotoni halitazami debe ajue limefika wapi. Analisikia.

Babu alikuwa na madebe mawili. Jioni, tukishamimina kwenye gunia, debe moja linakaa hapa miguuni mwa kitanda. La pili analibeba mwenyewe hadi chini ya Mkuu, analigeuza kifudifudi, anarudi. Kila jioni.

Siku moja nikamuuliza, babu, kwa nini hilo debe usiliache nyumbani?

Akasema, nikiliacha nyumbani, atakuja nyumbani.

(Kimya, sekunde tano. Msimulizi asukume kijiti motoni. Asitazame kamera.)

Sikuuliza nani. Babu alikuwa mtu wa utani, alikuwa ananiita mume mwenzangu, kama babu wote wanavyowatania wajukuu zao wa kiume. Lakini pale hakucheka.

Basi jioni moja alishikwa na homa. Amejifunika shuka mbili, anatetemeka. Akaniambia, mume mwenzangu, leo kanigeuzie lile debe.

Nikaenda. Chini ya Mkuu palikuwa na mabibo mekundu, yameiva, yanatoa utomvu. Mchana tulishaokota pale na nilishafagia, kwa hiyo mchanga ulikuwa msafi, na hayo yalikuwa yameanguka jioni ile. Nikayaokota, nikayatia kwenye debe, nikakaa kwenye mzizi nikala hadi tumbo likajaa. Zile korosho chache nikatia mfukoni. Jua likazama. Nikayamwaga mabibo yaliyobaki nje ya mstari, nikaliweka debe chini, nikakimbia.

Nililiweka likiwa limesimama.

Mnanielewa. Limesimama. Mdomo juu.

(Kimya, sekunde nne.)

Usiku ule hapakuwa na mwezi. Hapakuwa na upepo, hata jani. Shuka za babu zilikuwa zinanuka salfa, maana tulikuwa tumepulizia mikorosho kuanzia Juni na harufu ile haitoki. Nilikuwa nasinzia.

Ko.

(Kimya, sekunde saba. Hii ndiyo kimya ndefu kuliko zote katika nusu ya kwanza. Msimulizi asifanye lolote.)

Mara moja tu. Kutoka kule.

Nikajiambia, korosho imeanguka yenyewe. Korosho huanguka usiku. Lakini inaanguka na bibo lake, na bibo likianguka linapiga kwa uzito, halilii hivyo. Ile iliyolia ilikuwa imeshachomolewa.

Ko.

Babu akaniita. Hakusema mume mwenzangu. Aliniita jina langu. Tangu nizaliwe sikuwahi kulisikia jina langu kinywani mwake.

Akasema, uligeuza debe?

Nikasema, ndiyo.

(Kimya, sekunde nne.)

Akatulia. Nadhani alijua. Akanishika mkono chini ya shuka, mkono wake unawaka moto kwa homa. Akasema, usihesabu.

Nilikuwa nimeshafika kumi na moja.

Nikamwuliza kwa kunong'ona, babu, ni nani? Akaanza kunieleza, kipande kipande, anasimama kila mlio unapokuja, kama mtu anayempisha mwenzake aseme.

Ilikuwa 1971. Ng'ambo ya Ruvuma vita ilikuwa haijaisha, watu wa Msumbiji wanavuka wanakuja huku, wanatafuta kibarua. Akaja binti mmoja peke yake. Ana kanga moja. Babu akamwambia, debe kumi, shilingi kumi. Binti akaokota kutwa nzima. Jua linazama ana tisa. Akaomba alipwe za tisa akanunue unga.

Babu akasema, nilimwambia kumi ni kumi.

(Msimulizi arudie, chini zaidi.)

Kumi ni kumi.

Binti akachukua debe, akarudi gizani kutafuta la kumi. Asubuhi walimkuta chini ya Mkuu, ameegemea shina. Nyoka, watu walisema. Debe lilikuwa kati ya miguu yake na halijajaa. Hakuna aliyelijua hata jina lake, wala pa kupeleka habari. Walimzika shambani. Na babu, akanambia, nilizitoa zile shilingi tisa nikazifunga kwenye pindo la kanga yake. Nikamzika nazo. Nikasema nimemlipa.

Pu.

Wakati huo mlio ulikuwa umeshazama. Debe lilikuwa linajaa, na haraka. Hakuna mtu anayeokota kwa kasi ile, hata mchana, hata wakiwa watano. Pu, pu, pu, kama mvua inavyoanza kwenye mchanga.

Halafu ikakata.

(Kimya, sekunde tano.)

Mimi nikashukuru. Nikajua limejaa, kwa hiyo ameondoka. Nikageuka nimwambie babu. Babu hakuwa anatazama kule kwa Mkuu. Alikuwa anatazama miguuni mwa kitanda.

Hatua arobaini na tano ni nyingi. Lakini mchanga wa huku hautoi mlio, mnajua wenyewe.

Ko.

(Kimya, sekunde nane. Moto tu.)

Lile debe la pili. Lililokuwa hapa miguuni. Ningenyoosha mguu ningeligusa.

Na haikuwa korosho. Ulikuwa mlio mgumu zaidi, mwembamba, unalia halafu unazunguka kidogo ndani ya bati kabla ya kulala. Babu aliniambia nisihesabu na mimi nikahesabu, kwa sababu sikuwa na kingine cha kushika. Ko. Pili. Ko. Tatu. Katikati ya kila mmoja, muda wa mtu kufungua fundo.

Ilikuwa tisa. Baada ya tisa hatukusikia kitu mpaka kulipopambazuka, na mpaka kulipopambazuka hakuna kati yetu aliyekunja mguu.

(Msimulizi anywe maji. Asifanye haraka.)

Asubuhi babu akainuka kwanza. Homa imemtoka. Akainama kwenye debe akatoa sarafu, akaziweka kitandani moja moja. Shilingi moja moja, zile za zamani, upande huu Mwalimu, upande huu mkono umeshika mwenge. Zote zina mchanga. Mchanga mbichi, wa chini, ule unaoupata ukichimba.

Babu akasema, amerudisha.

Tukaenda kwa Mkuu. Debe limejaa hadi limefanya kichuguu. Korosho safi. Na chini hapakuwa na bibo hata moja. Debe zima la korosho, mabibo yake yangejaza gunia, na hapakuwa na hata moja. Mchanga ulikuwa kama nilivyoufagia. Nyayo zilikuwa za mtu mmoja, zinakwenda na kurudi. Zilikuwa zangu.

Nikamwambia babu, basi limetimia, la kumi hilo, amemaliza.

Babu akazitazama zile sarafu mkononi. Akaniuliza, kama mtoto anavyomuuliza mkubwa: kama hela hataki, anataka nini?

(Kimya, sekunde sita.)

Jioni ile babu hakuligeuza debe. Alilichukua akakaa nalo chini ya Mkuu. Usiku nikamsikia anaokota. Kesho yake vilevile. Msimu mzima, na msimu uliofuata, mchana analala na usiku anaokota. Bibi akilia haulizi. Baba alipokuja kumchukua kwa nguvu, alimwambia kitu kimoja tu: bado sijafika kumi.

Alifariki mwaka 2003. Hapohapo, ameegemea shina.

(Msimulizi anatazama moto. Sauti sasa iwe ya chini kabisa, maikrofoni isogezwe kabla ya kurekodi ili asilazimike kuipandisha.)

Sasa. Tangu nianze kusimulia, nimewaona wawili wenu mnageuza shingo kule. Msigeuke.

Madebe yake bado ninayo. Jioni ya leo niliyapeleka yote mawili kwa Mkuu, na niliyageuza kifudifudi kwa mkono wangu. Leo sidanganyi.

(Kimya, sekunde tano.)

Sikilizeni tu.

(Kimya, sekunde kumi.)

Moja linalia ko.

(Kimya, sekunde tatu.)

Lingine linalia pu.

(Kimya, sekunde tatu.)

Ni wawili.

PICHA: Msimulizi habadiliki uso. Hakuna anayeinuka. Kamera ibaki hapo sekunde arobaini, moto uishe nguvu wenyewe. Picha isififishwe. Kata.