Mama Kijacho, bado kidogo tu

Shoga yetu Neema,

Hongera kwa kufikisha wiki ya 38, tena na joto hili la Novemba la Dodoma! Tumesikia tumbo limeshashuka: kupumua umepata nafuu, ila chooni sasa ni kila nusu saa. Ndiyo hivyo, mtoto ameingiza kichwa kwenye nyonga na kibofu amekifanya mto. Usiku unageuka kama chapati kwenye kikaango, pole mwaya. Lala kwa ubavu, mto mmoja katikati ya magoti na mwingine chini ya tumbo.

Tarehe waliyokuandikia kwenye kadi ni makadirio, usiihesabie kama siku ya mshahara. Wakikupigia "bado tu?", mwachie shemeji simu ajibu yeye.

Tumbo likikaza jioni, kunywa maji, kisha jinyooshe kidogo. Likiachia, lilikuwa linafanya mazoezi. Uchungu wenyewe haubembelezwi: unaanzia kiunoni, unazunguka mbele, kila ukirudi unakuwa umekaribia zaidi na umekaza zaidi. Shemeji ashike saa, maana yeye ndiye atakayechanganyikiwa. Ukija kila dakika tano, kila mmoja ukikaa karibu dakika nzima, na hali ikawa hiyo kwa saa moja, bajaji iitwe. Huyu ni wa kwanza, kwa kawaida hatoki mbio. Ute wenye michirizi ya damu usikutishe.

Chupa ikipasuka, vaa pedi, tazama rangi ya maji, uende hata kama huumwi. Yakiwa ya kijani, usingoje hata kuoga. Vivyo hivyo damu ikitoka nyingi, kichwa kikigonga na macho yakiona nyotanyota, au uso ukivimba ghafla. (Miguu kuvimba jioni tu, hiyo ni kawaida.) Na yule atakayekwambia mtoto akikaribia kutoka anaacha kucheza, mwitikie kwa heshima, lakini usimsikilize. Anabanwa, ila hachoki kucheza. Ukiona amepunguza, nenda siku hiyohiyo.

Vidonge vya damu endelea navyo, umeze kwa juisi ya ubuyu au chungwa. Chai isubiri saa moja au mbili, inavizuia visifanye kazi vizuri. Na ule udongo unaoficha kwenye mkoba, tunaujua. Acha, unakunyonya damu.

Kwenye begi, kadi ya kliniki na ya bima zikae juu kabisa, si chini ya khanga. Khanga weka nne au tano, zilizofuliwa na kulainika; mpya hazinyonyi maji. Namba za bajaji ziwe mbili, maana saa tisa usiku mmoja atakuwa amezima simu.

Mungu akufungue salama. Uji wa ulezi na supu ya kuku wa kienyeji tutabeba sisi, wewe tuletee mtoto.

Sisi wenzio wa Ipagala