Ombi la kunisimamia utafiti wa shahada ya pili: maneno ya Wakojani wanaokwenda dago

Profesa wangu,

Shikamoo. Naitwa Riziki Faki Hamad, mwalimu wa Kiswahili katika skuli moja ya sekondari hapa Wete, Pemba. Nakuandikia kuomba unisimamie utafiti wa shahada ya pili, iwapo una nafasi kuanzia Oktoba mwakani. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ukurasa wako wa chuo unasema unapokea barua kwa lugha hii. Pia jambo lenyewe ni la Kiswahili, na nikilieleza kwa lugha nyengine litanipotea nusu.

Mwezi wa Machi niliufuatilia kwa simu mhadhara wako wa mtandaoni juu ya lahaja za mwambao. Ulisema ramani zetu za lahaja zimechorwa kana kwamba kila msemaji kakaa kijijini kwake maisha yake yote. Neno hilo halikuniondoka, maana mimi nimezaliwa Kojani, na Kojani hakai mtu.

Wewe unakijua kisiwa hicho kwa jina bila shaka, lakini naomba nieleze kidogo. Ni kisiwa kidogo ubavuni mwa Pemba, upande wa mashariki. Ardhi ya kulima ni haba na watu ni wengi, kwa hiyo riziki yetu iko baharini. Wanaume wanakwenda dago: wanafunga safari na vyombo vyao, wanapiga kambi pwani ya watu wengine, wanavua wiki au miezi, kisha wanarudi upepo unapogeuka. Wamekwenda Unguja, Tanga na Mafia, wamevuka mpaka hadi Vanga na Shimoni, pwani ya Kenya. Wengine hawakurudi. Wameoa huko na wamezaa huko. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba waliokaa pwani yake kuwa ni jamii ya nchi hiyo, baada ya miaka mingi ya kuishi bila vitambulisho. Kwetu sisi hao ni ndugu tunaowajua kwa majina ya baba zao.

Nataka kujua maneno yao yamefanya nini katika safari hizo.

Wazo lilinijia Disemba iliyopita, nilipokwenda Kojani kumtazama ami yangu. Ami ana miaka sabini na kitu na hendi tena dago, lakini mikono haijasahau. Nilimkuta kibarazani anasuka dema la kutegea samaki, fito kakamata kwa vidole vya miguu, na mjukuu wake pembeni anamkatia nyengine. Kijana huyo ana miaka kumi na tisa, karudi Shimoni wiki hiyo hiyo. Nikaweka simu yangu juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaomba ruhusa, nikarekodi. Haukupita muda kijana kasema: "Babu, hino kule wanaita lema." Ami hakuinua hata uso. "Lema ndo nini? Dema hino." Akaendelea kusuka.

Usiku, nyumbani, nikaisikiliza sauti ile tangu mwanzo. Mara ya tatu ndipo nilipolisikia. Karibu na dakika ya ishirini, ami anasimulia dago la ujana wake huko huko Shimoni, jinsi walivyopoteza vyombo vyao vya kutegea kwa mkondo wa maji. Akasema "malema yetu" mara mbili, waziwazi, bila ya kusita. Kisha hadithi ikarudi Kojani, na neno likarudi "madema". Mtu aliyelikataa neno mbele ya mjukuu wake analo mwenyewe mdomoni, ila analitumia pale tu hadithi inapokuwa upande wa pili wa bahari.

Mwalimu, hapo ndipo ninapotaka kuanzia. Nikisema ami "anachanganya lahaja" nitakuwa simtendei haki. Anaonekana ana maneno ya Kojani na maneno ya dago, na anajua kila moja mahali pake. Kijana hajafika hapo, au pengine kashapita: kwake "lema" limeanza kutumika nyumbani. Katika sauti hiyo hiyo aliita wavu wa juya "kokoro", kama wasemavyo wengi bara na kama linavyotajwa kwenye makatazo ya uvuvi, na ami safari hii hakumrekebisha. Sijui kama alichoka au kama neno hilo limeshapokelewa. Rekodi moja hainipi jibu.

Kuna upande mwengine unaonishughulisha zaidi, nao ni maneno yasiyosafiri kabisa. Ami anahesabu siku kwa miongo, kumi kumi, kuanzia Nairuzi, na kwa hesabu hiyo anajua lini kaskazi itatulia na lini kusi itaanza kuchafua bahari. Anajua pepo za matlai ya asubuhi na umande, anasema bamvua na maji mafu kama mimi ninavyosema Jumatatu na Jumanne. Mjukuu wake nilipomuuliza leo ni mwongo wa ngapi, alinionyesha simu yenye utabiri wa upepo. Simlaumu, utabiri ule unamfaa. Lakini bamvua analijua na mwongo halijui, na ningependa kuelewa kwa nini moja limebaki na jengine linaondoka, wakati yote mawili ni maneno ya kazi moja.

Nimesoma nilichoweza kukipata. Kazi ya Whiteley ya mwaka 1958 juu ya lahaja na mashairi ya Pemba niliisoma maktaba nilipokuwa mwanafunzi, na kamusi ya lahaja ya Kipemba iliyotolewa na BAKIZA naitumia darasani. Zote zimenisaidia. Ninachotaka kuongeza ni msemaji akiwa safarini: neno hili kalisema nani, yuko wapi, anamwambia nani, na anasimulia habari ya pwani ipi.

Mpango wangu kwa sasa ni kurekodi watu ishirini na nne, nusu Kojani na nusu katika familia zenye asili ya Kojani huko Shimoni na Vanga. Katika kila upande nichukue wazee waliokwenda dago, vijana wanaokwenda sasa, na wanawake. Wanawake nawataka kwa makusudi. Watu wakitaja uvuvi wanafikiria vyombo na nyavu, lakini maji yakipwa ni mama zetu wanaoshuka pwani kutafuta pweza na chaza, na wao hawaendi dago isipokuwa wachache wanaofuata waume. Ikiwa maneno ya nje yamefika mpaka kwao, basi yamefika kweli. Kila mmoja nitamwomba anieleze vifaa kwa kuvishika mkononi, kisha anisimulie safari moja ya nyumbani na moja ya ugenini, ili nione kama alichofanya ami wanakifanya na wengine. Uandishi wa sauti nitaufanya kwa programu ya ELAN, ambayo nimejifunza mwenyewe na najua bado sijaimudu vizuri.

Mambo mawili yananitia wasiwasi na ningependa uyajue mapema. La kwanza, mimi ni mwanamke. Kojani ni kwetu na naingia kila nyumba, lakini kambi ya dago si mahali pa kulala mtoto wa kike, wala sitaki kujifanya ninaweza. Nitakaa kwa jamaa zangu Shimoni na kurekodi wavuvi wakiwa mjini, si kambini. Hilo litabadilisha wanachosema, na sijajua namna ya kulipima. La pili, watu wetu wamechoka kurekodiwa. Ami alinihadithia juu ya wageni waliokuja zamani na mashine zao, wakachukua hadithi na nyimbo, na hakuna kilichorudi. Alinikubalia kwa sababu mimi ni mtoto wake. Nimemwahidi kwamba kila sauti itabaki nakala Kojani, skulini, na kwamba pahala pazuri pa kuvulia pakitajwa nitapafuta kabla sauti haijamfikia mtu mwengine. Ahadi hiyo sitaivunja, hata kama taratibu za hifadhi ya chuo zinataka vyengine. Ikiwa ni kikwazo, bora nijue sasa.

Kuhusu mimi, nilimaliza shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar mwaka 2019, Kiswahili na Jiografia, kwa wastani wa 4.1 katika 5. Insha yangu ya mwisho ilihusu majina ya pepo kwa wavuvi wa Wete. Nikiitazama leo naona nilikusanya majina tu bila ya kuuliza nani anayatumia. Tangu hapo nasomesha. Kiingereza nasoma bila taabu na kuandika kwa kujikagua. Kijerumani nimeanza miezi minne iliyopita.

Ninaomba ufadhili ambao mlango wake unafungwa tarehe 31 Oktoba, na miongoni mwa masharti ni barua fupi ya mwalimu aliyekubali kusimamia. Siombi uniandikie barua hiyo leo. Ninaloomba kwanza ni kujua kama una nafasi, kama jambo hili linaingia katika unayoyashughulikia, na kama watu ishirini na nne katika pande mbili ni kazi inayowezekana kwa shahada ya pili au nimejitwika mzigo wa watu wawili. Nikilazimika kupunguza, nitaiacha Vanga kabla ya kuwaacha wanawake. Tena naomba kuuliza kama tasnifu inaweza kuandikwa kwa Kiswahili katika idara yenu. Kibali cha utafiti kwa upande wa Zanzibar nitakiomba mwenyewe, na sheha wa Kojani nimeshazungumza naye. Upande wa Kenya ndio nitakaohitaji maelekezo.

Nimeambatanisha pendekezo la kurasa nne, wasifu wangu, nakala za vyeti, na kipande cha sauti cha dakika sita pamoja na maandishi yake. Ukikosa muda wa mengine yote, naomba usikilize hicho kuanzia dakika ya nne. Ami kaniruhusu kukuletea wewe, na kasema nikuambie kuwa mkondo uliochukua madema yao ulikuwa wa kusi.

Nitaangalia barua pepe kila siku jioni nikitoka skuli. Kama huna nafasi na unamjua mwalimu mwengine anayeshughulikia mambo haya, nitashukuru ukinielekeza kwake.

Wasalaam,

Riziki Faki Hamad
Wete, Pemba